Kujaza Mwili: Kinachoamua ni Mwendo, Si Chipsi

Ukikaa jimu yoyote utasikia kambi mbili zikibishana. Ya kwanza inasema anayetaka misuli ale kila kinachopita mbele yake, chipsi mayai asubuhi na jioni, mafuta atayakata baadaye. Ya pili inahesabu mayai, inapima wali, na sukari haiigusi. Kambi zote zinagombania aina ya chakula. Kuna jaribio la Norway linaloonyesha kwamba zimekosea mahali pa kugombania.

Ina Garthe na wenzake walilichapisha mwaka 2013. Walichukua wanamichezo 39 wa kiwango cha juu, wakawagawa kwa kura. Kundi moja lilipewa wataalamu wa lishe na mpango wa kula wa kuongeza uzito, la pili likaachwa lile lipendavyo. Wote walinyanyua vyuma mara nne kwa wiki, juu ya mazoezi ya michezo yao, kwa wiki 8 hadi 12.

Waliosimamiwa ndio waliokula zaidi: wastani wa kalori 3,585 kwa siku, dhidi ya 2,964 za wenzao. Uzito wao ulipanda kwa asilimia 3.9, wa wenzao kwa asilimia 1.5. Mpaka hapo mtu angesema mpango umefaulu. Lakini walipotenganisha kilichoongezeka, mafuta ya kundi lililosimamiwa yalikuwa yamepanda kwa asilimia 15, ya wenzao kwa asilimia 3. Kwa upande wa mwili usio na mafuta, ambamo misuli imo, tofauti haikutosha kuhesabiwa. Nguvu nazo zilipanda kwa wote.

Waliosimamiwa hawakuwa wala chipsi. Walikula kwa mpango wa wataalamu, na bado mafuta yaliongezeka mara nyingi zaidi. Ziada ya chakula ilipozidi kile ambacho misuli inaweza kutumia, mwili uliiweka akiba, iwe imetoka kwenye samaki au kwenye andazi. Mazoezi ndiyo yanayouambia mwili ujenge misuli, na kasi ya ujenzi huo ina kikomo ambacho sahani ya pili haikisogezi. Chakula cha hovyo kina kosa lake moja kubwa: kinarahisisha kuvuka kikomo bila kujua.

Wanamichezo wale walikuwa wachache na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo tofauti ndogo ya misuli ingeweza kujificha. Ndiyo maana sisemi ziada haina kazi. Nasema iwe ndogo. Kiwango cha kuongeza uzito ambacho watafiti wengi wa lishe ya wanyanyuaji hukipendekeza ni robo hadi nusu asilimia ya uzito wa mwili kwa wiki. Anayeanza anaweza kwenda karibu na nusu, kwa sababu misuli yake bado inaitikia haraka. Aliyezoea chuma kwa miaka abaki kwenye robo, au chini yake.

Tuchukue kijana wa kilo 70. Robo asilimia kwake ni gramu 175 kwa wiki, nusu ni gramu 350. Anaanza kwa kula kama kawaida hadi ajue uzito wake umetulia, kisha anaongeza kama kalori 300 kwa siku: mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta. Hiyo ndiyo ziada yote, na wengi huiona ndogo mno.

Anajipima kila asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, kisha anatafuta wastani wa wiki. Kipimo cha siku moja hudanganya, kwani chumvi ya jana pekee inaweza kupandisha mizani. Tuseme wastani wake unakwenda hivi: 70.0, halafu 70.9, 71.1, 71.3, 71.6. Ule mruko wa gramu 900 wa wiki ya kwanza si misuli. Wanga ukihifadhiwa mwilini huvuta maji, na tumbo nalo limebeba chakula zaidi. Hesabu inaanzia 70.9: gramu 700 kwa wiki tatu, yaani kama gramu 233 kwa wiki. Yuko sawa.

Lau angefika 73.0 wiki ile ya mwisho, angekuwa anaongeza gramu 700 kila wiki, na sehemu kubwa ingekuwa kitambi. Futi ya fundi cherehani ingemwambia mapema: kiuno kikipanuka wiki hadi wiki huku uzito anaonyanyua ukibaki palepale, ziada inaishia tumboni.

Na mizani ikikaa palepale wiki mbili mfululizo, ongeza glasi moja ya maziwa, usiongeze sahani nzima.