Msimbo Ukibadilika, Mauzo ya Jana Huenda Wapi?

Chukua mfano wa duka la jumla linalouza mafuta ya kula ya chupa za lita moja, chupa 12 kwa katoni, chini ya msimbo MAF-1L. Kuanzia Januari hadi Mei limeuza katoni 400 kila mwezi. Juni kiwanda kinapunguza ujazo hadi mililita 900, na karani wa stoo anafungua msimbo mpya, MAF-900. Mwezi huo zinatoka katoni 150 za zamani na 270 mpya. Julai zinatoka 440, zote mpya. Ripoti ya Julai itasema mambo mawili ambayo hayakutokea: kwamba bidhaa moja imekufa, na kwamba nyingine imezaliwa na kupaa papo hapo. Programu ya kukadiria oda nayo itaiona MAF-900 kama bidhaa isiyo na historia, hivyo mnunuzi atakisia kiasi cha kuagiza ingawa miezi mitano ya mauzo imo ndani ya mfumo uleule. Hoja ya makala haya ni kwamba dawa yake si kurekebisha mauzo ya zamani. Dawa ni kuyaacha yalivyo na kuandika badiliko lenyewe mahali pake, likiwa na tarehe yake na kipimo chake.

Wako watakaosema kosa ni la karani, kwamba angeendelea na msimbo wa zamani. Hapana, karani alifanya sawa. Kanuni za GS1, shirika linalosimamia misimbo pau duniani, zinataka namba mpya pale kiasi kilichoandikwa kwenye kifungashio kinapobadilika. Zile tarakimu 13 zinazoanza na 620 kwa kampuni zilizosajiliwa Tanzania, au 616 kwa za Kenya, zitakuwa nyingine kwenye chupa mpya. Duka likilazimisha chupa mbili za ujazo tofauti zikae chini ya msimbo mmoja, halitajua stoo ina lita ngapi wala bei ipi ni ya chupa ipi. Baya zaidi ni kuchukua msimbo uliostaafu na kuupa bidhaa nyingine. Mifumo mingi huvuta jina kutoka kwenye orodha ya bidhaa ya leo, hivyo biskuti zilizouzwa mwaka juzi zitasomeka kuwa dawa ya meno. Ndiyo maana, tangu mwanzo wa 2019, GS1 hairuhusu namba ya bidhaa kutumika tena kwa bidhaa nyingine.

Njia inayovutia wengi ni kuingia kwenye kanzidata na kugeuza kila MAF-1L kuwa MAF-900. Ni kazi ya dakika moja, na mchoro wa mauzo unanyooka. Lakini tazama hesabu. Katoni ya zamani ina lita 12, ya sasa ina lita 10.8. Katoni 400 za Mei ni lita 4,800. Katoni 440 za Julai ni lita 4,752. Kwa katoni, mauzo yamepanda asilimia 10. Kwa lita, yameshuka asilimia 1. Wateja wanatumia mafuta karibu yaleyale. Wanalazimika tu kununua chupa nyingi zaidi. Ukishageuza msimbo wa zamani, kila katoni ya Mei itahesabiwa kuwa ya lita 10.8, na ule ukuaji wa asilimia 10 utaonekana hata kwenye ripoti ya lita, bila alama yoyote ya kumwonya msomaji. Zaidi ya hapo, ankara za manunuzi na risiti walizonazo wateja bado zina msimbo wa zamani, kwa hiyo mteja akirudisha chupa ya lita moja, mauzo yake hayataonekana.

Jedwali dogo la ukoo wa bidhaa linatosha. Kila mstari unataja msimbo, bidhaa mama unayoingia, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kiasi cha kipimo cha pamoja kilichomo katika katoni moja. MAF-1L na MAF-900 zote zinaingia kwa mama mmoja, tuseme MAFUTA-CHUPA, ya kwanza kwa lita 12 na ya pili kwa 10.8. Mauzo hayaguswi, ripoti ndiyo inayounganisha:

```sql
SELECT u.bidhaa,
       EXTRACT(YEAR FROM m.tarehe) AS mwaka,
       EXTRACT(MONTH FROM m.tarehe) AS mwezi,
       SUM(m.katoni * u.lita_kwa_katoni) AS lita
FROM mauzo m
LEFT JOIN ukoo u
  ON u.msimbo = m.msimbo
 AND m.tarehe >= u.tangu
 AND (u.hadi IS NULL OR m.tarehe < u.hadi)
GROUP BY u.bidhaa,
         EXTRACT(YEAR FROM m.tarehe),
         EXTRACT(MONTH FROM m.tarehe);
```

Sasa Juni inasomeka vizuri: 150 mara 12, kuongeza 270 mara 10.8, jumla lita 4,716. Maneno `LEFT JOIN` yana sababu. Ukitumia `JOIN` tupu, msimbo ambao hakuna aliyeuingiza kwenye ukoo unatoweka kwenye ripoti kimyakimya. Hapa utajitokeza katika mstari usio na jina la bidhaa, na utajua pa kutafuta. Kosa la pili ni tarehe za mistari miwili ya msimbo mmoja kupishana, kwani kila uuzaji wa kipindi hicho utahesabiwa mara mbili. Yote mawili hugundulika kwa jaribio moja: jumla ya shilingi kabla ya kuunganisha na ukoo na jumla baada ya kuunganisha lazima zilingane kabisa.

Kuunganisha misimbo ni kugumu kuliko kubadilisha. Tuseme sabuni ya ndimu na ya lavenda, zilizokuwa na misimbo miwili, zimewekwa chini ya mmoja kwa sababu bei ni moja. Historia ya nyuma unaweza kuijumlisha bila shida. Ya mbele huwezi kuigawa: kuanzia siku hiyo mfumo unaweza kuonyesha katoni 30 zipo, kumbe zote ni lavenda, na wateja wa ndimu wanaondoka mikono mitupu. Baadaye misimbo ikitenganishwa, unaweza kugawa mauzo ya kipindi cha katikati kwa uwiano wa kabla ya muungano, lakini hayo ni makadirio na yaandikwe hivyo. Kwa hiyo muungano ufanyike kwenye ripoti, kupitia bidhaa mama, na si stoo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ripoti isitolewe tu kwa kundi zima la mafuta. Kwa kulinganisha mwaka na mwaka, inatosha. Lakini oda hupelekwa kiwandani kwa bidhaa, na ndani ya kundi chupa ndogo huweza kupanda huku madumu ya lita 20 yakishuka, jumla isitikisike. Mwingine atataka kompyuta ilinganishe majina. Itasaidia kupata washukiwa, ila jina halisemi lita ngapi zimepungua. Dalili nzuri zaidi ni msimbo mmoja kuzimika wakati mwingine wa muuzaji yuleyule unawaka, na jumla ya lita zake kubaki palepale. Hata hiyo haithibitishi, kwani bidhaa tofauti kabisa ya muuzaji huyo inaweza kuchukua nafasi ya nyingine kwa sura ileile. Anayejua kwa hakika ni yule anayefungua msimbo mpya siku katoni inapopokelewa. Basi mfumo usimruhusu kuuhifadhi kabla hajajaza mambo matatu: unarithi msimbo upi au haurithi wowote, kuanzia lini, na katoni yake ina kiasi gani.