Kichwa Kimoja, Vinyozi Watatu

Kabla ya harusi yake, mpwa wangu alitaka kumpata kinyozi wa kumwachia kichwa siku hiyo. Akaenda kwa watatu, wote wa hapa Kinondoni, akipishanisha wiki mbili kati ya mmoja na mwingine, na wote akawaomba kitu kile kile: fedi ya ngozi inayoanzia katikati, nywele za juu zibaki fupi, laini ya mbele ichongwe. Kila alipotoka saluni alipigwa picha nne: mbele, kisogoni, kulia na kushoto. Jumapili moja akanikabidhi simu. "Mjomba, wewe una macho ya subira. Niangalizie."

Ilikuwa bahati kubwa, kwa sababu picha za vinyozi kwa kawaida hazilinganishiki. Huyu amenyoa kichwa cha mviringo chenye nywele nzito, yule kichwa kirefu chenye nywele za kuhesabika, na anayetazama hajui asifu mkono au asifu kichwa. Hapa kichwa kilikuwa kimoja. Kilichobadilika ni mkono.

Fedi ya ngozi hujengwa kutoka chini. Kinyozi huanza na mashine isiyo na kitana, akazungusha mstari wa kwanza kutoka panja hadi kisogo. Chini ya hapo hubaki ngozi tupu. Kisha hukifungua kile kiwiko kidogo cha pembeni ya mashine, kinachosukumwa kwa kidole gumba, akapanda kama upana wa vidole viwili. Halafu huweka namba moja, ambayo huacha nywele za milimita 3, akapanda tena. Halafu namba mbili, milimita 6. Mpaka hapo kichwa kina ngazi, si fedi. Kazi yenyewe ni kuzifuta ngazi hizo, na ndiyo vinyozi huiita kublendi. Mkono hupanda kidogo kisha hutoka nje, kama wa mtu anayechota unga juu juu bila kugusa debe, huku kidole gumba kikifunga na kufungua kiwiko. Mkono ukichelewa kutoka, mashine hula juu kuliko ilivyokusudiwa, na nywele iliyokwenda hairudi leo.

Nilianza na picha za upande. Nilizigeuza zote kuwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi ya ngozi na mng'ao wa mafuta hudanganya jicho, kisha nikayafumba macho nusu. Ukitazama hivyo, nywele mojamoja hupotea, hubaki kivuli tu. Kivuli kizuri huenda kutoka weupe wa ngozi hadi weusi wa juu bila jicho kukwama popote. Kwa kinyozi wa kwanza jicho lilikwama mara moja: juu ya sikio palikuwa na mkanda mwembamba wa kijivu, umelala sawasawa na njia ya mashine. Huo ni mpaka wa namba moja na ule mstari wa chini yake, haukufutwa. Kwa wa pili na wa tatu mkanda haukuwapo.

Lakini nyuma ya sikio la kulia, wa kwanza na wa pili wote walikuwa na doa jeusi, kama ukubwa wa sarafu. Nikataka kuwahukumu wote wawili. Kisha nikakumbuka kwamba kosa la mkono hulala kama mstari, kwa sababu mashine husafiri kwa mistari. Doa la mviringo mara nyingi ni la kichwa chenyewe. Nikamwita mpwa wangu akae karibu, nikapapasa. Pana kibonde. Mashine ikipita hapo imelala bapa, meno yake huruka juu ya bonde kama ubao uliolazwa juu ya shimo, na nywele za ndani hubaki ndefu kuliko jirani zake. Kinyozi wa tatu alikuwa amelijua bonde hilo. Katika picha yake pale pako sawa na pengine, na njia ya kupafikia ni moja tu: kuiinamisha mashine na kutumia pembe ya meno, meno mawili au matatu hivi, ukigusa na kuacha, ukigusa na kuacha. Niliirudia picha hiyo mara nyingi. Kipande hicho ni kidogo kuliko kiganja cha mtoto, na mwenye kichwa mwenyewe hawezi kukiona.

Kwenye laini, wa kwanza ndiye aliyekuwa aking'aa. Mstari wa mbele mweusi, umenyooka kama uzi wa fundi uashi, kona za panja kali. Nikaivuta picha hadi iwe kubwa. Laini iliyochongwa kwa nywele, ukiivuta, huonyesha vitone: kila unywele na shina lake, na kati yao ngozi. Hii haikuwa na ngozi kati yake. Ilikuwa rangi, ile nyeusi inayopakwa kwa brashi ndogo baada ya kunyoa. Si dhambi, wateja wengi huiomba wenyewe, lakini ukitaka kupima ukali wa laini, rangi hukuzuia. Tena, mbele ya rangi kulikuwa na vitone vya mashina ya nywele zilizokatwa: laini ilikuwa imerudishwa nyuma ya pale zinapoanzia nywele zenyewe. Baada ya siku nne au tano mashina yale huota, na mtu huwa na mipaka miwili ya nywele usoni. Kinyozi wa tatu alifuata mwanzo wa nywele palepale ulipo, hata sehemu moja ya kushoto inayopinda kidogo. Laini yake kwenye picha ni ya upole zaidi, na imetoka kwenye nywele.

Ulinganifu ndio ulionichukua muda. Kwa wa pili nilipima kutoka ncha ya juu ya sikio hadi fedi inapoanza: kulia na kushoto sawa kabisa. Nikampa alama zote. Nilipofungua picha ya mbele, kichwa kilionekana kimeinama. Nikadhani ni kamera, maana simu ikikaribia sana hukuza upande ulio karibu nayo. Lakini picha ilipigwa kwa hatua mbili, macho na mabega yamenyooka. Sababu ilikuwa masikio. La kulia la mpwa wangu limekaa juu kuliko la kushoto, kwa hiyo kinyozi aliyeyafuata masikio kwa uaminifu aliipandisha fedi upande mmoja. Wa tatu umbali wake kutoka masikioni hautoshani, na hapo awali niliuandika kama kosa. Picha yake ya mbele imetulia. Nadhani alipima kwa mkia wa nyusi, kisha akarudi nyuma akamtazama mteja kwenye kioo, maana kioo kikiwa mbali huonyesha pande zote mbili kwa pamoja. Ukisimama ubavuni huoni ila upande mmoja.

Nikamuuliza mpwa wangu kama alikumbuka jambo lolote kuhusu kinyozi huyo wa tatu. Akasema kinyozi alikawia, wengine walikuwa wanangoja, na kabla ya kuwasha mashine alimpapasa kichwa chote kwa vidole, kimya, kama anayetafuta kitu. Alipoambiwa harusi ni Jumamosi, alimwambia aje Alhamisi, ili vipele vya wembe ukosini viwe vimetulia na ngozi ipoteze ule weupe wa siku ya kwanza.