Kilichotufunga ni kipengele cha umiliki, si wingu

Tangu Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, atoe ripoti yake ya mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, watu wamekuwa wakibishana kuhusu bei ya mfumo wa kidijitali wa SHA: Sh104.8 bilioni. Bei ni nzito, sikatai. Lakini katika mkataba ule bei ndiyo sehemu ninayoweza kuisamehe. Nisichoweza kukisamehe ni uamuzi wa kutia sahihi mkataba wa miaka kumi ambamo, kwa mujibu wa ripoti hiyo, mfumo wenyewe si mali ya serikali bali ni wa muungano wa Safaricom, Konvergenz na Apeiro. Kisha, kana kwamba hilo halitoshi, ripoti ikasema serikali imefungwa mikono isijenge mfumo mwingine wa kushindana na huo.

Soma vipengele hivyo viwili kwa pamoja, maana kimoja kimoja vinaweza kukupita. Kukodi mfumo usio wako si dhambi. Hospitali nyingi za Kitui na Makueni hukodi programu, na mkataba ukiisha hutafuta nyingine. Anayekodi ana nguvu moja tu, nayo ni kuweza kuondoka. Siku bei ikipandishwa au huduma ikizorota, anamwambia mwenye mali kwamba kuna mwingine anayesubiri. Kipengele cha pili kinamwondoa huyo mwingine kabla hajazaliwa. Ukifika mwaka wa nne na muungano ukisema marekebisho fulani yanahitaji malipo ya ziada, serikali itajibu nini? Haimiliki msimbo, kwa hiyo haiwezi kuyafanya yenyewe. Hairuhusiwi kujenga mbadala, kwa hiyo haiwezi kutishia. Itabaki kubembeleza.

Tazama pia namna malipo yalivyopangwa. Ripoti ilitaja asilimia 2.5 ya michango ya wanachama, asilimia 5 ya madai ya vituo vya afya na asilimia 1.5 kwa huduma ya kufuatilia bidhaa za afya. Chukua hospitali ya kubuni, iwe Mwingi au Makindu, inayodai Sh20 milioni kwa mwezi. Asilimia 5 yake ni Sh1 milioni kwa mwezi, Sh12 milioni kwa mwaka. Sasa jiulize seva imefanya kazi gani. Dai la Sh2,000 la mgonjwa wa malaria na dai la Sh200,000 la upasuaji hupita njia ile ile, kwa ujumbe unaokaribiana kwa ukubwa. La kwanza linalipiwa Sh100, la pili Sh10,000. Malipo hayafuati gharama ya kuendesha mtambo, yanafuata ukubwa wa maradhi yetu. Na kadiri SHA inavyopanuka ndivyo muuzaji anavyopata sababu ya kutotaka uondoke.

Wizara imejitetea kwamba serikali haikutoa mtaji, inalipia matumizi tu. Kwa bajeti ya mwaka wa kwanza, hoja hiyo ina uzito. Lakini kulipia matumizi hakuhitaji marufuku ya kujenga mbadala. Anayeamini bidhaa yake ni bora haombi mteja afungwe pingu.

Kazi nzuri nayo itajwe: kuchagua kiwango cha FHIR kwa kubadilishana taarifa za afya kulikuwa sahihi kabisa.

Baada ya ripoti wakajitokeza mabingwa wa mitandaoni na dawa yao ya siku zote: tutumie mawingu mawili, matatu, tusitegemee mtoa huduma mmoja. Nimechoka kusema kwamba hapo sipo tulipofungwa, lakini nitasema tena, kwa hesabu.

Tuseme hospitali yetu ya kubuni inapokea wagonjwa wa nje 600 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni ziara 180,000. Kila ziara ikiacha kilobaiti 50 za maandishi na takwimu, kwa mwaka ni gigabaiti 9. Picha za eksirei ndizo nzito: picha 40 kwa siku, kila moja megabaiti 15, zinatoa gigabaiti 180 kwa mwaka. Miaka mitano ya kila kitu haifiki terabaiti moja. Kwa bei iliyozoeleka ya Amazon huko Ulaya na Marekani, senti 9 za dola kwa gigabaiti inayotoka, kuihamisha yote kunagharimu chini ya Sh12,000. Tena tangu mwanzo wa 2024 Google, Amazon na Microsoft zimeondoa tozo hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja. Ukisikia mtu anasema kuhamisha data ni ghali, muulize anazungumzia terabaiti ngapi.

Kuendesha mfumo mmoja juu ya mawingu mawili ndiko kwenye gharama. Lazima uachane na huduma maalumu za kila mtoaji na ubaki na zile zinazopatikana kote. Lazima hifadhidata zilingane muda wote, na mtandao ukikatika katikati uamue ipi ndiyo ya kweli. Lazima uwe na wataalamu wanaojua pande zote mbili, ilhali ofisi ya teknolojia ya kaunti huwa na watu wa kuhesabika. Na ukishamaliza kulipa ankara mbili, programu iliyo juu ya mawingu hayo bado ni ya muuzaji yule yule. Hata ukiipeleka Konza, pale Malili ndani ya Makueni yenyewe, kwenye kituo cha data kilichojengwa na Huawei, utakuwa umehamisha nyumba ya kupanga bila kubadilisha mwenye nyumba.

Uhamaji wa kweli unaanzia kwenye ombi kama hili, ambalo FHIR inaliruhusu kwa seva iliyowezeshwa:

```
GET /fhir/$export?_type=Patient,Encounter,Claim
Accept: application/fhir+json
Prefer: respond-async
```

Seva ikikubali inajibu 202, inatayarisha mafaili ya NDJSON, na unayapakua. Hapo wengi hushangilia na kufunga kitabu. Wasifunge. Kilichotoka ni kumbukumbu: mgonjwa, ziara, dai. Hazikutoka kanuni zinazoamua dai lipi lilipwe na lipi likataliwe, wala ulinganisho wa misimbo ya huduma na bei zake. Namba za utambulisho nazo zitakusumbua: mgonjwa mmoja wa Kyuso ana namba ya SHA, namba ya kitambulisho na namba ya faili la hospitali, na mtoto wake mchanga hana kitambulisho, yuko chini ya jina la mama. Mfumo mpya usipojua kuunganisha hizo, utaona watu wawili pale alipo mmoja, na dai litarudi limekataliwa bila sababu inayoeleweka.

Kisha kuna kipindi cha kuendesha mifumo miwili sambamba, ambacho hakuna mzabuni anayependa kukitaja. Ikiwa kila ziara inahitaji dakika tatu za kuingizwa mara ya pili, ziara 600 ni dakika 1,800, yaani saa 30 kwa siku. Hao ni makarani wanne wa kutwa nzima, miezi mitatu, katika hospitali moja. Linganisha na zile Sh12,000 za kutoa data. Gharama ya kuhama ni mishahara na muda, na hiyo ndiyo inayopaswa kupangiwa bajeti siku ya kutia sahihi.

Tuliwahi kujua kufanya mambo haya. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ilipoleta DHIS2 nchi nzima, haikuwa na kituo cha data cha kuaminika, ikakodi seva ya wingu. Hakuna aliyepiga kelele za kufungwa, na hakukuwa na sababu. Programu ilikuwa huria, kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na hifadhidata yake ni PostgreSQL: `pg_dump -Fc` hapa, `pg_restore` pale, umehama. Ripoti za kila mwezi za zahanati za Mutomo na Mbooni zimepita humo, na wafadhili na washauri wamekuja na kuondoka. MakueniCare nayo, iliyoanza 2016 chini ya Gavana Kivutha Kibwana kwa Sh500 kwa kaya kwa mwaka, ilikuwa na kasoro zake za fedha, lakini sheria za mpango zilikuwa za kaunti na kaunti iliweza kuzibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Upande wa pili tuna Nairobi na JamboPay: mkataba wa 2014 wa kukusanya ushuru, ukaisha 2019, na jiji likajikuta likihangaikia mfumo mwingine. Somo hilo lilikuwa mlangoni pa Afya House miaka mitano kabla ya SHA kuanza Oktoba 2024.

Sheria zetu nazo zimeacha pengo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 38, inampa mgonjwa haki ya kuhamisha taarifa zake. Hospitali inayotaka kuhama na wagonjwa wake wote haikutajwa. Ulaya wameandika sheria inayomlazimu muuzaji wa wingu kumwachia mteja: notisi isiyozidi miezi miwili, kipindi cha mpito cha siku 30 kwa kawaida, na tozo za kuhama zikome kabisa ifikapo 12 Januari 2027.

Kaunti haiwezi kuvunja mkataba wa taifa, lakini mifumo ya ndani ya hospitali ni yake, na hapo mpango wa kujitoa unawezekana. Zoezi moja lina faida kuliko kurasa kumi za mkakati. Kila robo mwaka, nakala kamili itolewe kwa muundo wazi, ipelekwe kwenye seva ambayo muuzaji hana ufunguo wake, irejeshwe na fundi wa kaunti bila msaada. Kisha hesabu idadi ya wagonjwa pande zote mbili, jumla ya madai kwa kila mwezi, na fungua mafaili 20 uliyoyachagua kwa bahati nasibu ukiwa na daktari kando yako. Jumla zikilingana lakini faili halina matokeo ya maabara, nakala hiyo ni kopo tupu. Zoezi likishindikana kwa sababu muuzaji amekataa kutoa ufunguo, umejua ulipofungwa mapema, ukiwa bado na mkataba wa kujadiliana.

Wakurugenzi wa teknolojia wa Kitui na Makueni: kabla ya kuongeza muda wa mkataba wowote wa mfumo wa hospitali, daini kwanza zoezi hilo lifanyike, na bei ya msaada wa mpito iandikwe ndani yake. Muuzaji akikataa, msitie sahihi.