Mashine Iliyoanza Kazi Tarehe 17: Uchakavu wa Mwaka Usiotimia

Kanuni ya uchakavu kwa njia ya salio linalopungua inasomeka kwa sentensi moja: chukua thamani ya mali iliyobaki vitabuni mwanzoni mwa mwaka, zidisha kwa kiwango, hiyo ndiyo gharama ya mwaka. Ugumu unaanza mali inapoingia katikati ya mwezi, katikati ya mwaka wa hesabu. Mwanzoni mwa mwaka haikuwepo, na miezi yenyewe haigawanyiki sawasawa. Mhasibu wa biashara ndogo hapo hukisia, akiamini miaka ijayo itasawazisha. Kwa njia hii miaka haisawazishi, kwa sababu kila mwaka unasimama juu ya salio la mwaka uliotangulia.

Tuchukue kinu cha nafaka mjini Morogoro kinachofunga hesabu tarehe 31 Desemba. Mwezi Agosti 2022 kinanunua mashine ya kukoboa na kusaga kwa shilingi 21,500,000. Usafiri kutoka Dar es Salaam ni 900,000, msingi wa zege na ufungaji ni 1,100,000, na fundi wa kuunganisha mota na kuijaribu analipwa 500,000. Gharama zote hizo zilihitajika ili mashine ifike na iweze kufanya kazi, hivyo zinaingia kwenye bei yake vitabuni: jumla 24,000,000. Kiwango cha uchakavu ni asilimia 25 kwa mwaka.

Siku ya kuanza kuhesabu

Ankara ina tarehe 10 Agosti. Mashine ilishushwa tarehe 12, zege likaachwa likauke, jaribio likafanyika tarehe 16, na asubuhi ya tarehe 17 ilikuwa tayari kusaga. Zipo tarehe nne, na kila moja inatoa jibu lake.

Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 16, kinasema uchakavu unaanza mali inapokuwa tayari kwa matumizi, yaani ipo mahali pake na katika hali ya kufanya kazi iliyokusudiwa. Hapa ni tarehe 17. Siku ya kulipa haihusiki, na siku mteja wa kwanza alipoleta debe la mahindi haihusiki pia. Hata kama mashine ingekaa hadi Septemba bila mteja, saa yake ingekuwa imekwisha kuanza kugonga. Kwa hiyo ushahidi wa kuhifadhi kwenye faili, pamoja na ankara, ni hati ya fundi ya kukabidhi mashine. Mkaguzi akiuliza kwa nini tarehe 17, karatasi hiyo ndiyo jibu.

Sehemu ya mwaka wa kwanza

Kuanzia tarehe 17 hadi 31 Agosti, tukihesabu siku ya kwanza na ya mwisho, ni siku 15. Septemba ina 30, Oktoba 31, Novemba 30, Desemba 31. Jumla ni siku 137. Anayetumia jedwali la kompyuta aangalie hapa, maana kutoa tarehe moja kwenye nyingine kunaiacha siku ya kwanza nje na kuleta 136. Moja inayoongezwa mwishoni ndiyo siku hiyo:

```
=DATE(2022,12,31)-DATE(2022,8,17)+1
=ROUND(24000000*25%*137/365,0)
```

Mstari wa pili unatoa 2,252,055. Mwaka mzima ungebeba 6,000,000, na siku 137 zinabeba sehemu yao tu.

Si kila biashara huhesabu siku. Wengine huhesabu mwezi mzima kwa mali yoyote iliyoingia ndani ya mwezi, na hapo Agosti hadi Desemba ni miezi mitano, sawa na 2,500,000. Wengine huanza mwezi unaofuata, miezi minne, sawa na 2,000,000. Wapo wanaoupa mwezi wa ununuzi nusu, na wao watapata 2,250,000, karibu kabisa na hesabu ya siku. Taratibu hizi zinakubalika tofauti yake ikiwa ndogo kwa ukubwa wa biashara, ila sharti ni kwamba utaratibu uliouchagua uandikwe kwenye sera ya hesabu na utumike kwa mali zote. Kuhesabu siku kwa mashine hii na mwezi mzima kwa pikipiki iliyonunuliwa wiki hiyo hiyo hakuna utetezi.

Maingizo ya kila mwezi

Kinu chetu kinatoa taarifa kila mwezi, kwa hiyo 2,252,055 lazima igawanywe. Shilingi 6,000,000 kwa siku 365 ni 16,438.36 kwa siku, na kiasi hicho hakibadiliki hadi Desemba. Agosti inapata 246,575. Septemba na Novemba zinapata 493,151 kila moja. Oktoba na Desemba, zenye siku 31, zinapata 509,589 kila moja. Ukizijumlisha unarudi palepale kwenye 2,252,055. Zikitofautiana kwa shilingi moja au mbili kwa sababu ya kukadiria desimali, rekebisha kwenye ingizo la Desemba.

Ingizo la mwezi wa kwanza ni hili:

31 Agosti 2022
Debiti: Gharama ya uchakavu, mashine – 246,575
Krediti: Limbikizo la uchakavu, mashine – 246,575

Krediti inaenda kwenye akaunti ya limbikizo. Akaunti ya mashine yenyewe inabaki na 24,000,000 hadi siku itakapouzwa au kutupwa. Ukipunguza moja kwa moja kwenye akaunti ya mashine, baada ya miaka miwili hakuna atakayejua ilinunuliwa kwa kiasi gani.

Kosa linalojificha zaidi linatokea hapa kwenye miezi. Mtu anasikia "salio linalopungua" na kudhani salio lipunguzwe kila mwezi: anagawa asilimia 25 kwa 12, anapata 2.083, kisha anaizidisha kwa salio jipya la kila mwisho wa mwezi. Kila hatua inaonekana sahihi. Lakini kwa mwaka mzima njia hiyo inatoa takriban asilimia 22.3 tu ya salio la mwanzo wa mwaka, na ile 25 iliyoandikwa kwenye sera haifikiwi kamwe. Salio hupungua mara moja kwa mwaka wa hesabu. Ndani ya mwaka, gharama hugawanywa sawasawa kwa siku au kwa miezi.

Utaligundua kosa hili kwa kutazama mfululizo wa maingizo. Miezi yenye siku sawa ndani ya mwaka mmoja lazima iwe na kiasi kilekile. Oktoba na Desemba zikitofautiana, fomula inapunguza salio kila mwezi.

Mwaka wa pili, na namna ya kuuhakiki

Tarehe 31 Desemba 2022 thamani ya mashine vitabuni ni 24,000,000 kutoa 2,252,055, yaani 21,747,945. Kuanzia hapo gharama ya mwaka haihitaji tena kuhesabu siku. Mwaka 2023 unabeba asilimia 25 ya 21,747,945, ambayo ni 5,436,986, na salio la mwisho linakuwa 16,310,959. Mwaka 2024 unabeba 4,077,740 na kubakiza 12,233,219. Mwaka 2024 una siku 366, kwa hiyo anayegawa kwa siku abadilishe kigawanyo. Jumla ya mwaka haibadiliki.

Wengi hujiuliza kama mashine imedhulumiwa. Ilianza kazi Agosti, mwaka wake wa kwanza unaisha tarehe 16 Agosti 2023, nasi tunapunguza salio Januari. Swali ni la haki, na jibu lake ni njia nzuri ya kuhakiki kazi nzima. Fuata miaka ya mashine yenyewe. Mwaka wake wa kwanza una uchakavu wa 6,000,000. Siku 137 zimeangukia 2022, zimebaki siku 228 za 2023, zenye 3,747,945. Mwaka wake wa pili unaanza na salio la 18,000,000, uchakavu wake ni 4,500,000, na siku 137 kati yake ziko ndani ya 2023, zenye 1,689,041. Jumlisha: 5,436,986. Ni kiasi kilekile.

Huko si kubahatika. Sehemu isiyochajiwa 2022 inabaki ndani ya salio, na asilimia 25 inapopigwa juu ya salio hilo inaibeba kwa kipimo chake. Ndiyo maana sehemu ya mwaka hutumika mara moja tu. Fomula ya mwaka wa kwanza ikinakiliwa kwenda mstari wa chini ikiwa bado na 137/365, mwaka 2023 utaonyesha 2,040,732, chini ya nusu ya inayotakiwa. Kipimo cha haraka ni kugawa gharama ya mwaka kwa salio la mwanzo wa mwaka huo. Kuanzia mwaka wa pili jibu lazima liwe 0.25.

Mwenye kinu naye ataona uchakavu wa Desemba 2022 ulikuwa 509,589 na wa Januari 2023 ni 461,771, miezi yote ikiwa na siku 31. Hapo hakuna kosa. Salio limepungua usiku wa kufunga mwaka, na kiasi cha siku kimeshuka kutoka 16,438.36 hadi 14,895.85.

Hesabu ya kodi isichanganywe na hii. Kwa Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huziweka mali katika makundi, na makundi yanayotumia salio linalopungua yana viwango vya asilimia 37.5, 25 na 12.5. Inakokotolewa kwa kundi zima, haifuati siku ambayo mashine moja ilikuwa tayari. Weka jedwali lake pembeni, wala usirekebishe vitabu ili vifanane nalo.

Kosa la mwaka wa kwanza linaishia wapi

Tuseme kinu kingechaji mwaka mzima, 6,000,000, kwa siku zile 137. Salio la 2022 lingekuwa 18,000,000, pungufu kwa 3,747,945. Mwaka 2023 ungebeba 4,500,000 tu, na pungufu lingeshuka hadi 2,810,959. Mwaka 2024 lingekuwa 2,108,219. Kila mwaka robo ya kosa inajirudisha kimyakimya, faida ya miaka hiyo ikionekana kubwa kuliko ilivyo, bila kosa kufika sifuri.

Kisha mashine inauzwa tarehe 1 Januari 2025 kwa 13,000,000. Vitabu sahihi vina thamani ya 12,233,219, na faida ya mauzo ni 766,781. Vitabu vyenye kosa vina 10,125,000, na vinatangaza faida ya 2,875,000. Mnunuzi ametoa fedha zilezile na mashine ni ileile. Zile 2,108,219 za ziada hazikuletwa na mauzo yoyote: ni mabaki ya uchakavu wa Januari hadi tarehe 16 Agosti 2022, siku ambazo kinu hakikuwa na mashine hiyo.