Reli ya 304, Skrubu ya Zinki

Niseme mapema: stenlesi ya 304 iliyofungwa kwenye mabafu ya ile nyumba ya wageni ya Mombasa haina kosa. Kosa ni skrubu. Wengi wenu mmeyaona mabafu yale tangu yafunguliwe upya, na mmeiona michirizi ya kahawia inayoshuka kutoka nyuma ya visahani vya reli hadi kwenye vigae. Lawama zote zimeiangukia reli, na mwenye nyumba anashauriwa aing'oe yote anunue 316. Akifuata ushauri huo kisha akafungia skrubu zile zile, michirizi ile ile itarudi.

Tuitazame hatua ya kufunga reli. Reli ilikuwa nzuri, madoa ya moto kwenye maungio yalikuwa yamesafishwa kwa tindikali kiwandani, na plagi za nailoni ukutani zilikuwa sahihi. Ilipofika zamu ya kufunga, zikachukuliwa skrubu za kawaida za duka la vifaa, zile za chuma zilizopakwa zinki, kwa sababu zinang'aa na kwa mbali zinafanana na stenlesi. Uamuzi huo ulichukua dakika moja, nao ndio ulioiharibu kazi nzima.

Zinki ya skrubu za namna hiyo hupakwa kwa umeme, na unene wake kwa kawaida ni mikroni 5 hadi 8. Ndani ya kabati la chumba kikavu inatosha. Bafuni, nyuma ya kisahani, ni habari nyingine. Maji huingia kwa upenyo wa ukingo na hayatoki upesi. Pwani maji hayo hubeba chumvi ya hewa ya bahari, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Sasa tuna metali mbili zinazogusana ndani ya maji hayo: zinki, na stenlesi iliyojifunika utando wake wa oksidi ya kromiamu. Ndani ya maji ya bahari tofauti ya volteji kati ya hizo mbili hukaribia volti 1. Zinki ndiyo inayoliwa. Ikiisha, chuma cha skrubu kinashika nafasi yake na kuliwa vile vile.

Ukubwa wa vipande ndio unaozidisha madhara. Skrubu ni ndogo, kisahani na reli ni kubwa. Eneo kubwa la stenlesi linavuta mkondo, na mkondo wote huo unatoka kwenye kichwa kidogo cha skrubu, kwa hiyo skrubu inaoza haraka kuliko ambavyo ingeoza peke yake kwenye ukuta ule ule. Mpango ungegeuzwa, yaani skrubu ya stenlesi ikashika kipande kikubwa cha chuma kilichopakwa zinki, madhara yangesambaa polepole. Kanuni ni moja: kinachofunga kiwe sawa na kinachofungwa, au kiwe bora zaidi. Skrubu ya 316 kwenye reli ya 304 haina ubaya wowote. Ya zinki kwenye reli hiyo ina kila ubaya.

Anayebisha afungue reli moja tu. Kwenye skrubu iliyoanza kuharibika atakuta unga mweupe, nao ni zinki iliyokwisha kuliwa. Kwenye iliyotangulia atakuta kutu nyekundu na mtaro wa bisibisi uliolegea. Kisha achukue kitambaa chenye asidi ya sitriki, afute doa kwenye reli, asuuze kwa maji matamu na kukausha. Doa likiondoka, uso ukawa laini na ukucha usikwame popote, basi kutu ilitoka kwingine na reli ni nzima. Akikuta vishimo vidogo, reli yenyewe imeanza kuumia. Na itaumia ikiachwa, kwa kuwa chini ya tope la kutu hewa haifiki, chumvi inajikusanya, na ule utando wa kromiamu hauwezi kujirudisha. Kwa hiyo skrubu mbovu huanza kwa kuichafua reli nzuri na humaliza kwa kuitoboa.

Hapa narudi kwenye ugomvi wangu wa siku nyingi na sumaku. Katika mjadala wa mabafu haya wapo waliopita na sumaku, ikashika kidogo kwenye kona iliyopindwa, wakatangaza kwamba reli ni feki. Sumaku haiwezi kutoa hukumu hiyo. Waya au bomba la 304 likipindwa likiwa baridi huanza kuvutwa na sumaku kidogo, na kromiamu yake ya asilimia 18 na nikeli ya 8 hazijapungua hata chembe. Upande wa pili, 201, ambayo sehemu kubwa ya nikeli imeondolewa ikawekwa manganizi ili kupunguza bei, haishikwi na sumaku ikiwa haijapindwa, na ndiyo inayowahi kutoa vishimo pwani. Sumaku itaifichua 430, ambayo inavutwa kwa nguvu popote unapoigusa. Kuitenga 201 na 304 haiwezi. Dai karatasi ya kiwanda, au tumia dawa ya kupimia manganizi.

Je, 316 haikuhitajika kabisa? Ilihitajika mahali pamoja: reli za taulo zilizo karibu na madirisha yanayotazama bahari. Molibdenamu yake ya asilimia 2 hadi 3 ndiyo inayozuia vishimo vya chumvi. Reli iliyo chini ya bomba la kuogea husuuzwa kila siku, lakini ya dirishani haisuuzwi na mtu, chumvi inakaa. Huko ningelipia 316. Kwingine 304 inatosha, mradi wahudumu wasiifute kwa dawa ya klorini na kuiacha ikauke juu yake.

Upande wa plastiki waliofunga mabafu haya walichagua vizuri: vikapu vya sabuni vya polipropilini vyenye matundu ya kutolea maji. Kulabu za ABS zilizopakwa kromu ningezikataa, kwa sababu upako hupasuka ukingoni na kuanza kubanduka. Kulabu za polipropilini nazo hulegea taratibu zikibeba taulo zenye maji mwaka mzima. Asetali ndiyo plastiki ya kulabu: ngumu, hainyonyi maji mengi kama nailoni, na haipindi upesi.

Mafundi wa zamani wa mji huu hawakufanya kosa hili la skrubu. Reli zao zilikuwa za shaba ya manjano iliyopakwa kromu, na skrubu zao zilikuwa za shaba hiyo hiyo. Hawakuwa na majedwali ya volteji. Walijua tu kwamba reli na skrubu huagizwa pamoja, kwa metali moja. Kromu imekwanguka kwenye nyingi, lakini bado zimeshika ukuta. Sisi tuna metali bora kuliko yao, na tumeshindwa kwenye kipande kidogo kuliko vyote.

Ushauri wangu kwa mwenye nyumba: asing'oe reli zote. Atoe skrubu zote, asafishe visahani kwa sitriki kabla vishimo havijaingia, kisha afunge upya kwa skrubu za A4, ambayo ni 316, akisoma alama hiyo kwenye pakiti kwa sababu vichwa vidogo mara nyingi havina mhuri. Azibe ukingo wa juu wa kila kisahani kwa silikoni isiyonuka siki, na auache wa chini wazi ili maji yapate pa kutokea. Zile chache za dirishani azibadilishe ziwe 316. Na fundi atakayerudi kwa kazi hiyo aje bila kopo lake la skrubu za zinki.