Kwa Nini 27

Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba ufunguo wa RSA wa biti 2048 ungevunjwa na kyubiti halisi milioni 20 kwa muda wa saa 8. Kinachonivutia ni namna hesabu yao inavyojengwa, kwani msomaji mwenye kalamu anaweza kuifuata.

Kwanza waliweka wazi masharti ya mashine: kila operesheni ikosee mara moja katika 1,000, na duru moja ya kukagua makosa ichukue mikrosekunde 1. Kompyuta ya kawaida inayosoma vipimo na kuamua hatua inayofuata wakaipa mikrosekunde 10. Hatua zinazolazimika kungojana ni takriban bilioni 2.1, zidisha kwa mikrosekunde 10, utapata karibu saa 6. Kuongeza kyubiti hakufupishi foleni hiyo. Muda unaobaki hadi saa 8 unaachia nafasi ya shughuli nyingine na ya kurudia jaribio likiharibika.

Algoriti inahitaji kyubiti za kimantiki kama 6,200, yaani zile zilizokwisha kulindwa dhidi ya makosa. Kila moja hufumwa kwa kyubiti halisi nyingi, na wingi huo hutegemea kipimo kiitwacho umbali wa msimbo. Hapa ndipo ninapouona ufundi wenyewe. Saa 6 zina duru bilioni 21.6, zidisha kwa kyubiti 6,200, na nafasi za kukosea zinafika trilioni 130 hivi. Kwa umbali wa 25, kanuni ya makadirio hutoa kosa moja katika kila nafasi trilioni 100: kazi nzima ingetarajiwa kukosea zaidi ya mara moja, na jibu lingetoka takataka mara nyingi. Panda hadi 27, kosa linakuwa adimu mara kumi zaidi, na majaribio mengi yanafika salama. Kwenda 29 kungekuwa kulipia usalama usiohitajika.

Umbali wa 27 unadai kyubiti halisi 1,568 kwa kila moja ya kimantiki. Hizo tu ni milioni 9.7. Nyingine zinakwenda kwenye njia za kupitishia operesheni na kwenye viwanda vya kutengeneza hali maalumu zinazolisha malango ya Toffoli, ambayo ni kama bilioni 2.6. Anayezidisha 6,200 kwa 1,568 na kuishia hapo ameacha nje karibu nusu ya mashine.

Mwaka 2025 Gidney alirudi na kadirio la chini ya kyubiti milioni 1, kwa muda usiofika wiki. Masharti ya mashine hakuyalegeza. Alitumia hesabu ya makadirio inayohitaji kyubiti chache za kimantiki, akakubali malango mengi zaidi, na zile zinazokaa bila kazi akazihifadhi katika msimbo unaobana nafasi.