Kuipima Filamu kwa Sikio

Mtu wa Ruring'u, Nyeri, aliyelelewa kwa Kigikuyu, na Kiswahili akakisoma darasani kwa kitabu, akitaka kulizoeza sikio lake Kiswahili cha pwani kwa njia ya filamu, aghalabu huchagua ile anayoifahamu bila taabu. Na hapo ndipo hukumu yake inapopotoka, kwa kuwa wepesi huo huweza kutokana na mwendo wa maneno, au na lafudhi ya wasemaji, na mambo hayo mawili ni sharti yapimwe mbalimbali.

Mwendo hupimwa kwa silabi, nayo ni kazi sahili katika Kiswahili, maana kila irabu huwa silabi, pamoja na ile m isimamayo peke yake mbele ya konsonanti. Chukua sentensi kama hii, «Nimekuja kukuuliza habari za mgonjwa wetu», yenye silabi 18: msemaji akiitamka kwa sekunde 4, mwendo wake ni silabi nne na nusu kwa sekunde, na mwanafunzi wa wastani humfuata; msemaji akiitamka kwa sekunde 3, zimekuwa sita, na kwa kadirio langu hapo ndipo sikio geni linapoanza kuachwa nyuma. Pima mahali patatu, yaani mazungumzo ya kawaida, ugomvi, na pale watu wawili wanapokatizana, na wala usihesabu vituo pamoja na maneno, kwa sababu msemaji wa haraka anyamazaye kila baada ya sentensi humpa msikilizaji nafasi ya kuyakusanya aliyoyasikia, ilhali msemaji wa wastani asiyepumzika humchosha.

Lafudhi ni mizani ngumu zaidi, kwani sikio husikia kwa mazoea ya lugha ya nyumbani. Kigikuyu hakina l, kwa hiyo kula na kura humjia Mgikuyu kama neno moja. Na th iandikwayo katika jina la Thika hutamkwa kama dh ya Kiswahili, hata thamani na dhamana zikakaribiana mno. Filamu imfaayo, basi, ni ile ambayo wasemaji wake hutenga sauti hizo waziwazi, tena pasipo ngoma wala ngurumo za magari juu ya maneno.

Tazama Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga, ambayo mhusika wake Mwas ni kijana wa kijijini auzaye filamu kabla ya kushukia Nairobi. Mtazamaji wa Nyeri huiona nyepesi, kwa sababu Kigikuyu kimo na lafudhi nyingi amezizoea tangu utotoni. Lakini kwa muradi wetu hailifundishi sikio lake jambo jipya, na Sheng ya mjini humpa maneno asiyoweza kuyatumia Mombasa wala Unguja. Wasimulizi kama DJ Afro, wanaoweka sauti yao juu ya filamu za kigeni, wana ila nyingine: mwendo wao huongozwa na picha, na sauti ya mtu mmoja haikuzoezi swali na jibu. Kwa upande wa pili ipo Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, ambayo Amil Shivji aliitengeneza kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na ambayo habari zake ni za Zanzibar ya zama za ukoloni. Humo lafudhi ya visiwani ndiyo itawalayo, na ugeni wake kwa mtu wa bara ndio manufaa yake.

Ukishindwa kufahamu kipande cha dakika moja, usikimbilie kusema kwamba wasemaji wana haraka. Punguza kwanza mwendo wa filamu hadi 0.75, wala usishuke chini ya 0.5, kwani hapo r na l huvutika zikaharibika. Ukifahamu, kosa lilikuwa la mwendo. Usipofahamu, mwombe ajuaye akuandikie maneno yenyewe, kwa sababu maandishi ya chini ya picha aghalabu hufupisha. Ukiyasoma ukayafahamu yote, kizuizi kilikuwa lafudhi, na usipoyafahamu hata kwa kusoma, kizuizi ni msamiati.

Hukumu hufuata sababu hiyo. Filamu iliyokushinda kwa msamiati iweke kando mpaka utakapoyajua maneno yake; iliyokushinda kwa mwendo isikilize kwa mwendo mdogo, kisha urudie kwa mwendo wake; na iliyokushinda kwa lafudhi, hali maneno yake unayajua yote, ishike hiyo kuliko nyingine zote, kwani ndiyo inayokupa usichoweza kukipata kitabuni.